Paswadi ya Waifai Haijapotea, Imo Ndani ya Simu

Fundi anayekuja kufunga ruta nyumbani huwa na haraka. Huchomeka adapta, hupachika waya, hubuni nenosiri papo hapo, huliandika kwenye simu ya yule aliyesimama karibu naye, kisha huyo, ameondoka. Miezi ikipita hakuna tena anayelikumbuka. Kibandiko kilicho chini ya ruta bado kina nenosiri la kiwandani, lakini fundi alikwisha kulibadilisha, kwa hiyo hakisaidii kitu. Simu za nyumba nzima huingia mtandaoni kila siku bila kuuliza, na ndiyo sababu hakuna aliyepata haja ya kukumbuka, mpaka siku anapoingia mgeni.

Tuchukue nyumba moja ya maghorofa ya Michenzani, Unguja. Mjomba amewasili kutoka Maskati asubuhi ile, laini yake ni ya Oman na intaneti ya laini hiyo ameizima kwa kuogopa gharama za nje. Ana iPhone 13. Mpwa wake, binti mwenye nyumba, ana iPhone 11. Yupo pia mdogo wake binti, kijana wa sekondari, ambaye amebadilisha simu juzi na sasa ana Tecno.

"Hebu nipe paswadi, mwanangu. Watu wa Maskati hawajajua hata kama nimefika salama."

"Mjomba, wallahi siijui. Simu inaingia yenyewe tu."

Binti anasema kweli, lakini simu yake inaijua. iPhone huhifadhi nenosiri la kila waifai iliyowahi kuunganishwa nayo, na tangu toleo la iOS 16, lililotoka Septemba 2022, mwenye simu anaweza kulisoma. Anafungua Settings, anaingia Wi-Fi, na mbele ya jina la mtandao wa nyumbani, tuseme UMMU_HOME, anagusa alama ndogo ya herufi "i" iliyo ndani ya duara. Ukurasa unaofunguka una mstari ulioandikwa Password, wenye vitone badala ya herufi. Akigusa vile vitone, simu inataka kwanza kuhakikisha kwamba aliyeishika ni mwenyewe: inaangalia uso, au alama ya kidole kwa simu zenye kitufe, au inaomba namba za kufungulia simu. Ikiridhika, vitone vinageuka herufi, na chini yake linatokea neno Copy kwa anayetaka kulinakili.

Hiyo ni kwa waifai uliyomo wakati huo. Kama unatafuta ya mahali pengine, mathalani ya nyumbani kwa bibi wakati wewe uko kazini, kwenye ukurasa uleule wa Wi-Fi kuna neno Edit pembeni juu. Liguse, jithibitishe, na utaona orodha ya mitandao yote simu inayoikumbuka, hata ya hoteli uliyolala mara moja. Kila mmoja una alama yake ya "i" na njia ni ileile. Usishangae ukikuta mitandao mingine haina nenosiri kabisa. Waifai za viwanja vya ndege na mikahawa mingi zimeachwa wazi, na kile ulichojaza siku ile kilikuwa vocha au namba ya simu kwenye ukurasa wa wavuti uliojifungua baada ya kuunganishwa. Hiyo haihifadhiwi kama nenosiri la waifai.

Basi binti anaweza kusoma na mjomba akaandika. Ila fundi wetu aliweka karafuu-Tatu_mwaka41O, na sasa nyumba nzima inabishana kama ile ya mwisho ni sifuri au herufi O. Nenosiri la waifai za kawaida za nyumbani huanzia herufi 8 na linaweza kufika 63, na simu haikuonyeshi umekosea wapi, inakuambia tu kwamba si sahihi. Kwa watu wawili wenye iPhone hakuna haja ya adha hiyo.

Njia yenyewe ipo tangu iOS 11 ya mwaka 2017, na inafanya kazi hivi. Mjomba anaingia Settings, kisha Wi-Fi, anagusa jina UMMU_HOME, na kisanduku cha kujaza nenosiri kinatokea. Hapo haandiki kitu. Binti anasogea karibu naye akiwa na simu iliyofunguliwa na iliyounganishwa na waifai hiyohiyo. Baada ya sekunde chache kioo cha binti kinapandisha kidirisha kutoka chini, kikiuliza kama anataka kumpa mjomba nenosiri la mtandao ule. Anagusa Share Password, kisanduku cha mjomba kinajijaza chenyewe, na simu inaunganishwa. Binti anamalizia kwa Done. Hakuna herufi iliyotajwa wala kuandikwa.

Hivyo ndivyo inavyoelezwa. Kwa wengi wetu, hata hivyo, mara ya kwanza watu wawili husimama wamegusanisha simu kama wanaopima homa, na kidirisha hakitokei. Wanajaribu tena, wanazima waifai na kuiwasha, mwisho wanarudi kwenye kalamu na karatasi wakiamini kwamba jambo hili ni la simu mpya tu. Sababu ya kawaida iko kwenye orodha ya majina, na ili kuielewa inafaa kujua kinachopita kati ya simu hizo mbili.

Mjomba alipogusa jina la mtandao asiokuwa na nenosiri lake, simu yake ilianza kutangaza kwa Bluetooth, kwa mawimbi hafifu yanayotumia umeme kidogo, kwamba inahitaji funguo za mtandao ule. iPhone yoyote iliyo karibu na yenye nenosiri hilo inaweza kusikia tangazo. Lakini fikiria jengo la ghorofa. Wanaosikia ni pamoja na jirani wa juu na wa chini, na wanaotangaza wanaweza kuwa wapita njia. Kama kidirisha kingetokea kwa kila anayeomba, simu ya binti isingepumzika, na siku moja angegusa Share Password kwa mtu asiyemjua akidhani ni wa nyumbani. Kwa hiyo Apple waliweka kizuizi: simu inayotoa hutaka kwanza kujua kama anayeomba ni mtu aliyemo kwenye orodha ya majina ya mwenye simu, na simu inayoomba lazima ithibitishe kwamba kweli ni ya mtu huyo. Uthibitisho huo unafanana na ule wa AirDrop, ile huduma ya kutumiana picha kati ya vifaa vya Apple, pale inaporuhusiwa kwa watu unaowafahamu peke yao.

Simu inamtambuaje mtu? Si kwa sura wala kwa jina ulilomwandika. Masharti ya Apple yanataja barua pepe: ile anayotumia mjomba kwenye akaunti yake ya Apple iwemo kwenye jina lake ndani ya simu ya binti, na ile ya binti iwemo kwenye jina lake ndani ya simu ya mjomba. Na wote wawili wawe wameingia kwenye akaunti zao za iCloud.

Hapo ndipo sisi tunapokwama. Tazama orodha yako ya majina. Ina "Mjomba Maskati", ina "Mama Ashura", ina "Fundi Bomba Mpya", na kila jina lina namba ya simu, mara nyingine mbili, kwa sababu namba ndiyo inayotufikisha kwenye WhatsApp na ndiyo inayotumiwa pesa. Barua pepe tunaandika za kazini tu, tena kwa shida. Huduma hii ilibuniwa na watu ambao kwao kadi ya jina huwa na barua pepe kama kawaida. Kwetu kadi hiyo ni namba na lakabu, na namba peke yake usiitegemee.

Lipo na tatizo la pili ambalo wenye simu za mkononi kwa mkononi watalitambua. Wengi walifunguliwa akaunti ya Apple na kijana wa dukani siku waliponunua simu, kwa barua pepe aliyoibuni yeye. Mwenye simu akiulizwa barua pepe yake anataja ile anayoitumia siku zote, wakati akaunti ya Apple iko kwenye nyingine kabisa. Ukiiandika hiyo ya kila siku kwenye kadi ya jina, simu hazitatambuana hata mkikaa mpaka magharibi. Usiulize, tazama: fungua Settings, gusa jina lako lililo juu kabisa, na barua pepe ya akaunti imeandikwa chini ya jina. Hiyo ndiyo inayotakiwa. Na kama hiyo barua pepe huijui wala hujui nenosiri lake, una tatizo kubwa kuliko la waifai, kwa sababu siku simu ikiibiwa au ikizingua hutakuwa na njia ya kuirudisha akaunti hiyo. Anza na hilo.

Tukirudi Michenzani, mjomba anatazama na kukuta barua pepe ya zamani ya kampuni aliyokuwa akifanya kazi. Namba amebadilisha mara kadhaa, lakini akaunti imebaki na barua pepe ileile. Binti anafungua jina "Mjomba Maskati", anagusa Edit, anagusa "add email", anaiandika, anamaliza. Mjomba naye anafanya vivyo hivyo kwa jina la mpwa wake. Kwa simu zenye iOS 17 au zaidi kuna njia ya mkato iitwayo NameDrop: wakizielekeza simu zao kichwa kwa kichwa, zikaribiane karibu kugusana, vioo vinawaka na kila mmoja anaulizwa kama anataka kumpa mwenziwe kadi yake. Pale ndipo pa kuangalia vizuri, kwa sababu simu inakuruhusu kuchagua ni namba gani na barua pepe gani ziende. Chagua ile ya akaunti ya Apple. Ukiacha namba peke yake iende, mmerudi mlikotoka.

Baada ya hapo mjomba anagusa tena UMMU_HOME, na mara hii kidirisha kinapanda. Kama bado hakipandi, sababu zilizobaki ni chache na zinaonekana kwa macho. Bluetooth iwe imewashwa kwenye simu zote mbili, na vilevile waifai. Simu ya binti iwe imefunguliwa, isiwe imezima kioo, na iwe kweli imeunganishwa na UMMU_HOME, kwani simu iliyohamia kwenye intaneti ya laini haitoi kitu. Personal Hotspot, yaani ile hali ya simu kuwagawia wengine intaneti yake, iwe imezimwa kwenye zote mbili. Hii ndiyo inayosahaulika zaidi, maana aliyetoka safari mara nyingi ameiacha wazi. Ikishindikana hata hapo, zimeni simu zote mbili na kuziwasha upya.

Waifai nyingine hazitagawika kwa njia hii hata mfanye nini. Waifai za ofisi na vyuo ambazo kila mtu anaingia kwa jina lake na nenosiri lake binafsi ni za aina nyingine, na kidirisha hakitatokea, jambo ambalo ni sawa kabisa kwa sababu humo mtu akifanya kosa linaandikwa kwa jina la mwenye akaunti.

Sasa kijana wa Tecno. Yeye hayumo kwenye mazungumzo yote haya, kwa sababu Share Password ni ya vifaa vya Apple kwa vifaa vya Apple. Na kwenye nyumba nyingi za kwetu yeye ndiye wengi. Kwa ajili yake kuna msimbo wa QR. Tangu iOS 18, ya Septemba 2024, iPhone ina programu iitwayo Passwords. Binti anaifungua, anajithibitisha kwa uso, anagusa sehemu ya Wi-Fi, anachagua UMMU_HOME, kisha Show Network QR Code. Kioo kinaonyesha mraba wa madoa meusi na meupe. Kijana anaelekeza kamera ya Tecno, au kwenye mipangilio yake ya waifai anagusa alama ya mraba inayotokea kwenye simu za Android kuanzia toleo la 10, na simu yake inaunganishwa. Njia hiyohiyo inamfaa pia mgeni mwenye iPhone ambaye hamna haja ya kupeana barua pepe, kama fundi wa friji au rafiki wa rafiki. Kamera ya iPhone inasoma misimbo hii tangu iOS 11.

Ndani ya mraba ule hamna siri ya ajabu. Ukisomwa kama maandishi, ni mstari mmoja tu:

```
WIFI:T:WPA;S:UMMU_HOME;P:karafuu-Tatu_mwaka41O;;
```

T ni aina ya ulinzi, S ni jina la mtandao, P ni nenosiri lenyewe, waziwazi, bila kufichwa. Kwa hiyo picha ya msimbo huo ni sawa na karatasi yenye nenosiri. Binti akiipiga picha na kuitupa kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, amewapa wote, na kila atakayetumiwa baadaye.

Umri wa simu una sauti katika haya yote, hasa kwa anayenunua simu iliyotumika. iPhone 7 iliishia iOS 15, kwa hiyo haiwezi kukuonyesha nenosiri, ingawa inaweza kulitoa kwa Share Password na kulipokea. iPhone 8 na iPhone X ziliishia iOS 16. Zinaonyesha nenosiri, lakini programu ya Passwords na mraba wake hazina. Kuanzia XR na XS kwenda juu vyote vinapatikana, ilimradi mwenyewe amesasisha. Mwenye iPhone 7 aliyesahau nenosiri anaweza basi kumpa mgeni mwenye simu mpya zaidi kwa Share Password, kisha mgeni ndiye akamsomea mwenyeji nenosiri la nyumba yake mwenyewe.

Hilo la mgeni kumsomea mwenyeji huchekesha, lakini lina uzito wake. Share Password ilipoanza, aliyepewa hakuwa na njia ya kuliona nenosiri kwenye iPhone yake. Alikuwa ndani, lakini hakujua neno la kuwaambia wengine. Tangu iOS 16 hali hiyo imekwisha. Mjomba akishaunganishwa anaweza kugusa ile alama ya "i", akaangaliwa uso wake mwenyewe, akasoma nenosiri lote. Kama ana iCloud Keychain, nenosiri linakwenda hata kwenye iPad yake iliyobaki Maskati. Kijana wa Tecno naye anaweza kugusa sehemu ya kushiriki kwenye mipangilio yake na kumwonyesha msimbo kama ule rafiki yake aliyeko barazani. Kwa mjomba hakuna neno. Kwa mpangaji wa chumba cha uani anayehama kesho, au kwa kibanda cha jirani kilichogeuza waifai yako kuwa intaneti ya wateja wake, ni habari nyingine.

Dalili kwamba nenosiri limetembea mno ni intaneti kuwa nzito jioni, au kifurushi kuisha kabla ya siku yake, au simu ya mwenye nyumba kukataliwa kuingia kwa sababu ruta ndogo za laini huwa na kikomo cha vifaa. Tahadhari tu usichanganye hilo na kifurushi kilichokwisha. Simu ikionyesha imeunganishwa lakini chini ya jina la waifai kumeandikwa No Internet Connection, nenosiri halina hatia. Angalia salio la ruta.

Nenosiri likishatoka, hakuna kitufe cha kumnyang'anya mtu mmoja kutoka kwenye iPhone yako. Dawa ni kulibadilisha kwenye ruta yenyewe. Rudi kwenye ukurasa ule wa alama ya "i", shuka chini mpaka mstari ulioandikwa Router. Kuna anwani ya namba, mara nyingi 192.168.1.1 au inayofanana nayo. Iandike kwenye Safari, ukurasa wa ruta utafunguka na kuomba nenosiri la msimamizi, ambalo ni tofauti na la waifai na kwa kawaida limo kwenye kibandiko kile kile cha chini, kama fundi hakulibadilisha nalo. Humo utakuta pia, kwa ruta nyingi, sehemu iitwayo Guest Network, yaani waifai ya pili yenye jina na nenosiri lake, unayoweza kuizima wageni wakiondoka bila kugusa ile ya nyumbani.

Ukibadilisha nenosiri la nyumbani, kila kifaa kitatoka: simu, televisheni, kamera ya mlangoni. iPhone itajaribu lile la zamani na kusema si sahihi. Gusa "i", kisha Forget This Network, chagua jina upya na uandike nenosiri jipya. Kwa mwenye iCloud Keychain, kusahaulisha kwenye kifaa kimoja kunafuta na kwenye vingine vya akaunti hiyo, na kuandika kwenye kimoja kunavirudisha vyote. Anaandika mtu mmoja, mara moja; waliobaki humo nyumbani anawapa kwa Share Password au kwa ule mraba, na ubishi wa sifuri na herufi O haupo tena.